Taarifa ya maendeleo yangu baada ya upasuaji wa goita

Ndugu, jamaa, walimu wenzangu, wanakwaya na majirani zangu wa Makambako, Bwana Yesu asifiwe. Na majirani zangu mnaoswali, asalaam aleikum.

Leo naandika mwenyewe. Siku zote hizi aliyekuwa akiwajibu ni mdogo wangu, tangu nilipolazwa Mbeya. Nianze na lile ambalo wengi mnalisubiri na mnaona haya kuliuliza: majibu ya maabara yametoka, na si saratani. Ni goita tu, lililokua taratibu kwa miaka mpaka likaanza kunibana koo nikilala chali. Mama mkubwa aliposomewa ile karatasi alipiga vigelegele hadi jirani wa nyuma akaja kuuliza nani anaolewa.

Upasuaji wenyewe ulikwenda salama. Daktari aliitoa tezi yote, kwa sababu vinundu vilikuwa pande zote mbili na kubakiza kipande kungekuwa kujitafutia safari nyingine ya kurudi mezani. Kidonda kimefunga vizuri. Kovu limekaa chini kabisa ya shingo, pale mkufu unapolala, na nikitoka nje nalifunika kwa mtandio, maana jua halilifai na upepo wa Makambako mnaujua.

Sasa niseme ambayo hayajakaa sawa, kwa sababu naona kwenye ujumbe wenu mnaandika "tunashukuru umepona kabisa". Ndugu zangu, bado.

Kubwa ni sauti. Mishipa ya fahamu inayoendesha sauti imepita nyuma ya ile tezi, imegusana nayo. Daktari anasema mmoja ulivutika wakati wa kazi, haukukatwa, na umechoka. Hali hiyo mara nyingi hurudi yenyewe, ila huchukua wiki, na kwa wengine miezi. Kwa hiyo kwa sasa natoa sauti ya kukwaruza, nyembamba, inayokatika katikati ya sentensi. Nikitaka kumwita mtoto aliyeko uani, nagonga sufuria. Nilidhani kunong'ona ndiko kutalipumzisha koo, kumbe nikaambiwa kunong'ona kunalikaza zaidi. Afadhali kusema polepole kwa sauti ya chini, au kunyamaza. Basi nina daftari langu la kuandikia, na nyumba nzima imejifunza kusoma mwandiko wangu, hata mjukuu ambaye shuleni anasema hajui kusoma mwandiko wa kuunganisha.

Ndiyo sababu sipokei simu. Sijamkasirikia mtu. Shemeji zangu wa Njombe mjini, nimeona mmepiga na kupiga. Nawapenda, ila andikeni. Ujumbe wa sauti pia tumeni, nasikiliza wote, tena mwingine narudia, lakini nitajibu kwa maandishi.

Jambo jingine, siku za mwanzo vidole vilikuwa vinachomachoma na midomo inaingia ganzi. Nyuma ya ile tezi kuna vitezi vidogo sana, kawaida vinne, vinavyosimamia kalsiamu mwilini, na vikisumbuliwa vinagoma kwa muda. Nimepewa vidonge vya kalsiamu na hali imepungua sana. Ikija, inakuja jioni, nayo haikai. Uchovu bado upo. Nikifagia chumba kimoja nakaa, na shingo hukakamaa asubuhi mpaka nifanye yale mazoezi niliyoelekezwa ya kuigeuza taratibu huku na huku.

Halafu kuna kidonge cha kila siku, maisha yangu yote, cha kufanya kazi ambayo tezi ilikuwa inafanya. Wapo walionifuata kwa upendo wakaniambia kuna majani fulani, nikinywa sitakihitaji tena. Wengine wamesema ningeongeza chumvi yenye madini joto. Chumvi hiyo tunaitumia siku zote, na endeleeni kuitumia, inakinga. Lakini tezi haipo tena, hakuna majani wala chumvi itakayoifanya ichipue. Kidonge nitakimeza. Mtihani wangu ni kwamba kinamezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha unasubiri nusu saa mpaka saa nzima ndipo unywe chai. Na kalsiamu nayo haitaki kukutana nacho, lazima vipishane saa nne. Kwa baridi ya huku, kuitazama birika ya chai inatoa moshi bila kuigusa, hiyo nayo ni aina ya mfungo.

Shukrani zangu sijui nizipange vipi, nitasahau watu, mnisamehe. Vijana wa usharika mliopanda gari alfajiri kuja kunichangia damu: sikuihitaji hata kidogo, imebaki benki ya damu, na huenda imeshamfikia mama fulani wodi ya wazazi ambaye hatutamjua. Mungu awalipe. Walimu wenzangu, bima ilibeba matibabu, ila haikubeba nauli, malazi ya mdogo wangu wala chakula chake. Mchango wenu ndio uliobeba hayo, na kilichobaki kimelipia safari ya kurudi kliniki. Mwekahazina anayo hesabu yote, ombeni awasomee. Majirani mlioniletea uji wa ulezi, viazi vya kuponda na maparachichi wakati kumeza kulikuwa kazi, vyombo vyenu nimeviosha, vipo, kila mmoja aje achukue chake kabla sijaanza kuvizoea. Wauguzi wa wodini siwataji kwa majina, lakini yule wa zamu ya usiku aliyekaa kitandani kwangu nilipoogopa, akaniambia "mama, kulia pia ni kupumua", nimemuweka kwenye sala.

Wanakwaya, hili linanikaa moyoni kuliko kovu. Krismasi hii msinisubiri. Zile beti nilizokuwa naanzisha mimi mpeni dada wa sauti ya pili anayesimama kushoto kwangu. Anazijua zote, nimemsikia akiziimba akidhani simsikii. Kama sauti yangu itarudi ilivyokuwa, sijui, na daktari hakuniahidi. Siku ya kliniki wataingiza kamera ndogo kutazama nyuzi za sauti zinavyocheza, tutajua zaidi. Nina siku ninazolipokea hilo vizuri na siku ninazolia jikoni. Mkinikuta katika hizo za pili, kaeni tu, msinihubirie.

Wageni karibuni, baada ya saa kumi jioni, maana mchana nalala. Mje wawili watatu, siyo basi zima, na mje na habari, kwa sababu mtakaoongea ni ninyi.

Mwalimu wa taaluma, mapumziko yangu bado yanaendelea na darasani sirudi mpaka daktari aandike. Lakini mikono ni mizima na kukaa bure kunanichosha. Niletee madaftari ya insha ya darasa la sita, nusu leo nusu wiki ijayo. Kusahihisha hakuhitaji koo. Na waambie wale wa dawati la nyuma kwamba kalamu nyekundu haijafanyiwa upasuaji.

Wenu,
Mwalimu wa Kiswahili