Barua kwa Mwalimu Nitakayekuwa

Igombe, Mwanza
6 Juni 2025

Mwalimu mpendwa,

Nakuandikia jioni ya siku tuliyofunga shule, kwa sababu naogopa kwamba utakapokuwa umeajiriwa na kuizoea kazi, utasahau jinsi nilivyokuwa katika muhula huu wa kwanza wa mazoezi ya kufundisha. Mengi yatajisahau yenyewe, nami sioni hasara: woga wa siku ya kwanza mbele ya wanafunzi 74 wa Darasa la Nne, sauti iliyokauka kwa wiki mbili, na kutafuta chumba cha kupanga karibu na shule. Lipo jambo moja ambalo sitaki likupotee, nalo ni yale niliyokuwa nikiyaandika katika sehemu ya tathmini ya andalio la somo.

Kwa wiki tano za mwanzo niliandika sentensi ileile kila siku: "Somo limeeleweka." Sikukusudia kudanganya. Niliuliza, "Tumeelewana?", wakaitika "Ndiyo, mwalimu" kwa sauti moja, nami nikaandika nilichokisikia. Siku ya kulinganisha sehemu, mwalimu mlezi wangu, ambaye alikuwa ameketi nyuma ya darasa, aliomba dakika tano za mwisho, akawataka wanafunzi waandike kwenye vipande vya karatasi, bila kuzungumza wala kutazamana, ipi ni kubwa kati ya 1/4 na 1/8. Wanafunzi 61 walikuwepo siku hiyo, na 43 kati yao waliandika 1/8. Walikuwa na sababu, tena sababu yenye mantiki kwao: nane ni kubwa kuliko nne. Mimi ndiye niliyewapa kanuni ya kiasi na asili kabla hawajaona kitu chochote kikigawanywa. Mwalimu mlezi hakunikemea. Tulipokuwa tukirudi ofisini aliniambia tu, "Mwalimu, wanaitikia sauti yako, hawaitikii somo."

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilipitia kwa mama lishe aliyeko mwaloni, nikanunua chapati mbili zinazolingana, na darasani nikaikata moja vipande vinne na nyingine vipande vinane mbele ya macho yao. Msichana mmoja, ambaye tangu Januari sikuwahi kumsikia akijibu swali, alimnong'oneza mwenzake kwa Kisukuma. Nilipomwomba kwa upole atuambie sote kwa Kiswahili, alisema, "Wanaogawana wakiwa wengi, kipande kinapungua." Niliyaandika maneno yake ubaoni kama alivyoyasema, na tangu siku hiyo darasa zima limeyatumia kama kanuni. Nakuomba uikumbuke sauti yake, kwa kuwa ningeendelea kuuliza "Tumeelewana?" nisingeisikia kamwe.

Kosa la pili lilifanana na hilo, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Kuna mvulana ambaye alikosa masomo siku nyingi mwezi Machi, na siku alizofika alilala juu ya daftari lake. Nilimwandika mtoro, nikamsimamisha mbele ya wenzake. Baadaye nilipolipitia daftari la mahudhurio ukurasa kwa ukurasa, niligundua kwamba yeye na wengine kadhaa walikuwa wakikosekana kwa vipindi, kisha wanarudi wote kwa pamoja. Wewe uliyeishi ufukweni unaijua sababu, lakini mimi ilinibidi niambiwe: dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mitumbwi ikirudi alfajiri kila mkono nyumbani unahitajika kuwaanika kabla jua halijawa kali; mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika na darasa langu hujaa. Nilimwomba radhi mtoto yule mbele ya darasa lilelile, kisha nikaenda kuzungumza na mama yake, ambaye alinipokea kwa heshima nisiyostahili. Tulikubaliana kwamba siku za giza awe anaachiwa mapema ili asikose vipindi vya asubuhi. Sijui kama makubaliano hayo yatadumu. Muhula ujao nitajaribu pia kuziweka mada mpya katika wiki za mbalamwezi na kuziachia wiki za giza marudio, ijapokuwa azimio la kazi halikupangwa hivyo, na itanibidi nimweleze mkufunzi wangu sababu atakapokuja kunikagua.

Daftari la maandalio la muhula huu nimelifunika kwa gazeti na kuliweka chini kabisa ya sanduku la bati. Sikuzifuta sentensi za wiki zile tano. Siku utakayoipata barua hii, litoe, ufungue ukurasa wa somo la sehemu, kisha uweke kando yake andalio ulilolifundishia juzi, na uzisome tathmini zote mbili kwa pamoja.

Ni mimi,
Mwalimu tarajali, mwaka wa kwanza