Muhtasari wa ukaguzi wa uthabiti wa mteremko: mkato wa barabara ya changarawe, kilomita 6+340, Wilaya ya Bukwo, Uganda

Kwa: mhandisi wa wilaya, mwenyekiti wa LC 1 na kamati ya barabara
Ukaguzi: 13 hadi 15 Mei

Neno la kwanza, kabla ya hesabu zozote: tafadhali msiondoe udongo ulioziba barabara. Najua magari ya vitunguu na mahindi yamekwama juu, na wagonjwa wanabebwa kwa machela hadi ng'ambo. Lakini kifusi kile ndicho kinachoegemeza mlima kwa sasa. Greda likikizoa leo, sehemu iliyobaki itateremka, na dereva atakuwa chini yake.

Kilichotokea

Usiku wa tarehe 9 Mei, baada ya mvua ya siku tatu, ukingo wa juu wa barabara uliporomoka kwa upana wa mita 36. Mkato ulichongwa kwa kimo cha mita 8.5 na karibu wima, digrii 63. Hakuna aliyeumia. Udongo ulioshuka tunaukadiria kuwa meta za ujazo 1,900, na umelala juu ya barabara kwa mwinamo wa digrii 18 hivi. Kichwani mwa poromoko kumebaki ukuta mbichi wa udongo wa mita 3.

Jambo lililonitia wasiwasi zaidi liko nyuma ya ukuta huo. Mita 6 ndani ya shamba la mahindi kuna ufa wa urefu wa mita 22, upana wa sentimita 4 asubuhi ya tarehe 13 na sentimita 4.6 asubuhi ya tarehe 15. Kwa hiyo mlima haujatulia. Nyumba mbili zilizo juu ya ufa zimehamwa kwa ushauri wetu, na wenyewe wasirudi hata jua likiwaka wiki nzima.

Kwa nini uliporomoka

Mlima Elgon ni volkano ya kale. Majivu na mawe yake yameoza kwa muda mrefu mno yakawa udongo mwekundu wa mfinyanzi, mzito na wenye rutuba, lakini unaopoteza nguvu ukishiba maji. Hapa tabaka hilo lina kina cha mita 3 hadi 4, chini yake kuna mwamba uliooza nusu usiopitisha maji upesi. Maji yakifika hapo hukwama, hujaa, na kuuinua udongo kutoka kwenye kiti chake. Uso wa kuteleza tuliouona ni ule ule, wa kijivu na laini kama sabuni. Ni ardhi ya ukanda huu huu wa Elgon iliyozika watu Bududa mwezi Machi 2010 na Bulambuli mwezi Novemba 2024, ingawa poromoko letu ni dogo sana kulinganisha na hayo.

Mvua haikufanya kazi peke yake. Juu ya mkato hapakuwa na mfereji wa kukatiza maji ya shambani. Isitoshe, kiungio cha bomba la maji ya mtiririko kilikuwa kinavuja mita 15 juu ya ukingo. Jirani mmoja alisema nyasi za hapo hazikukauka hata Januari. Kiungio kifungwe leo, si kesho.

Hesabu

Kigezo cha usalama ni nguvu ya udongo kujishikilia ukigawanya kwa nguvu inayouvuta chini. Kikishuka chini ya 1, mteremko unakwenda. Tulihesabu kinyumenyume kutokana na poromoko lenyewe: uso wa kuteleza wa digrii 30, kina cha mita 3.5, pembe ya msuguano digrii 28, mshikamano kilopaskali 9.

Mteremko ukiwa mkavu kigezo ni 1.27. Maji yakifika nusu ya kina cha udongo kinashuka hadi 1.00, na hiyo ndiyo hali tunayoamini ilikuwapo usiku ule. Yakifika juu kabisa ni 0.75. Maji yakizuiwa yasipande zaidi ya nusu mita juu ya uso wa kuteleza, kigezo ni 1.18, mwinamo ukipunguzwa pia hadi digrii 26, ni 1.37. Tunataka angalau 1.3 kwa barabara yenye watu. Hizi ni hesabu za mteremko mrefu ulionyooka, si picha kamili ya mahali, na kwa udongo uliokwisha kuteleza mshikamano uhesabiwe kuwa sifuri. Hata hivyo ujumbe wake hauna utata: mwenye kuamua hapa ni maji.

Njia za kurekebisha

Kuzoa kifusi na kufungua barabara ni rahisi kuliko zote, na tunaikataa kwa sababu iliyotajwa mwanzoni. Kuhamisha barabara upande wa chini nako hakufai. Kuna korongo la mto, na kujaza udongo pale ni kutengeneza poromoko jingine.

Tunapendekeza kazi ianze na maji. Ndani ya wiki hii ufa uzibwe kwa mfinyanzi ulioshindiliwa, kisha uchimbwe mfereji wa mita 110 nyuma ya ufa, si mbele yake, uliosakafiwa kwa mawe na saruji na kuelekezwa kwenye kalvati ya kilomita 6+410. Mfereji usiosakafiwa utanywesha mlima badala ya kuukausha. Halafu yatobolewe mashimo 8 ya kuingiza mabomba ya plastiki yenye vitundu, kila moja mita 12, yakipanda ndani kwa digrii 5 ili maji yatoke yenyewe.

Maji yakishashuka, kabla ya mvua za Oktoba, zichongwe mlimani ngazi mbili za upana wa mita 3 tukianzia juu kwenda chini. Zitamega mita 9 za shamba, na mwenye shamba alipwe kabla jembe la kwanza halijagusa udongo wake. Mwisho ni ukuta wa gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, wa mita 3 mguuni, msingi wake ukiingia mita 0.8 kwenye mwamba uliooza, wenye kitambaa cha kuchujia nyuma. Kifusi kiondolewe vipande vya mita 6 tu, na kila kipande kijengwe ukuta kabla ya kufungua kinachofuata.

Nyasi za vetiva zipandwe kwenye ngazi kuzuia mmomonyoko wa juu. Zisitegemewe kuzuia kuteleza kwa mita 3.5 chini, na mikaratusi isipandwe ukingoni.

Ufuatiliaji

Tumepigilia jozi 4 za vigingi, kimoja kila upande wa ufa. Kila asubuhi saa 1, mjumbe wa LC 1 apime kwa utepe na kuandika kwenye daftari pamoja na kipimo cha kipimamvua kilichoko shuleni.

Ufa ukipanuka milimita 5 kwa siku, au mvua ikifika milimita 40 kwa saa 24, mhandisi apigiwe simu na mafundi watoke mguuni. Ukipanuka milimita 20 kwa siku, njia ya miguu nayo ifungwe na wanaoishi chini waondoke. Viwango hivi ni vya kuanzia. Virekebishwe baada ya mwezi wa vipimo.

Ziko dalili zisizohitaji utepe: chemchemi inayotoka tope au kukauka ghafla, mti ulioanza kuinama, mawe madogo yanayoshuka bila mvua. Atakayeziona asisubiri asubuhi, apige filimbi. Wanaovuka kwa miguu wavuke mchana tu, mmoja mmoja, na boda boda ziishie kwenye kamba zilizofungwa pande zote mbili.

Vipimo viendelee misimu miwili ya mvua baada ya ukuta kukamilika. Nitarudi kukagua mfereji tarehe 29 Mei, nami naomba daftari liwepo eneo la kazi siku hiyo.