Uhakiki wa makala ya Hattie na Timperley (2007) kuhusu nguvu ya mrejesho

Kazi ya mtu binafsi, moduli ya Mbinu za Utafiti katika Elimu, Stashahada ya Uzamili ya Ualimu, Dar es Salaam

Makala ninayoihakiki iliandikwa na John Hattie na Helen Timperley, wote wakiwa Chuo Kikuu cha Auckland wakati huo. Ilitoka mwaka 2007 katika jarida la Review of Educational Research, juzuu ya 77, toleo la 1, ukurasa wa 81 hadi 112. Inanukuliwa mno, na wengi wanaoinukuu huchukua kitu kimoja tu: namba 0.79, inayotajwa kuwa ukubwa wa wastani wa athari ya mrejesho kwenye ufaulu. Katika uhakiki huu nadai kwamba makala imebeba vitu viwili, namba na modeli, vikiwa vimewekwa jirani kiasi kwamba msomaji hudhani kimoja kinathibitisha kingine. Modeli ina thamani kubwa kwa mwalimu. Namba haiithibitishi modeli hiyo, na mtafiti anayeanza akiitegemea itampotosha.

Waandishi wanauelezea mrejesho kuwa ni taarifa anayopewa mtu kuhusu utendaji au uelewa wake, iwe imetoka kwa mwalimu, mwenzake, mzazi, kitabu au uzoefu wake mwenyewe. Kazi yake ni kupunguza pengo kati ya pale mwanafunzi alipo na pale anapotakiwa kufika. Ili pengo lipungue, mrejesho ujibu maswali matatu: ninaelekea wapi, ninaendeleaje, na hatua inayofuata ni ipi. Kila swali linaweza kujibiwa katika ngazi nne: kazi yenyewe, mchakato wa kuifanya, kujisimamia, na nafsi ya mwanafunzi. Ngazi ya nafsi, yaani sifa zisizohusu kazi, ndiyo wanayoiona dhaifu kuliko zote.

Nianze na modeli, kwa kuwa hapa ndipo makala inapomfaa mwalimu. Chukua swali la kawaida la Kiswahili Kidato cha Kwanza: bainisha aina za maneno katika sentensi "Mtoto mdogo anacheza mpira". Mwanafunzi ameandika kwamba "mdogo" ni kielezi. Madaftari mengi niliyoyaona shuleni yana alama ya kosa kwa wino mwekundu, chini yake neno "Rudia", kisha saini na tarehe. Mwanafunzi anarudia kweli. Anaandika kihisishi badala ya kielezi, kwa kubahatisha, maana hajaambiwa kingine zaidi ya kwamba amekosa.

Kwa modeli hii mwalimu angekuwa na njia kadhaa. Katika ngazi ya kazi: "Mdogo si kielezi, ni kivumishi." Katika ngazi ya mchakato: "Jiulize neno hili linatoa taarifa kuhusu nomino au kuhusu kitenzi." Katika ngazi ya kujisimamia: "Kabla ya kukusanya daftari, pitia kila neno uone kama unaweza kutaja sababu ya kuliita ulivyoliita." Katika ngazi ya nafsi: "Wewe ni kichwa, usiniangushe." Mtu akisoma sentensi hizi nne anaelewa mara moja kwa nini ile ya mwisho haimsaidii mtoto kujua kivumishi ni nini. Sijakutana na maelezo mengine mafupi yanayomwonyesha mwalimu mwanafunzi tofauti hiyo kwa uwazi kama haya.

Lakini mfano huohuo unaibua tatizo la kimbinu ambalo waandishi hawakulishughulikia vya kutosha. Sentensi ya pili, "Jiulize neno hili linatoa taarifa kuhusu nini", ni ya mchakato au ya kujisimamia? Inafundisha mkakati, na papo hapo inamtaka mwanafunzi ajihoji. Waangalizi wawili wakipewa madaftari na fomu yenye ngazi nne, wataitia sentensi hiyo katika masanduku tofauti. Modeli ikigeuzwa kuwa chombo cha kukusanya data, jambo la kwanza kuulizwa ni kiwango cha makubaliano kati ya waangalizi, na makala haitoi vigezo vya kuutenga mpaka huo. Kwa mjadala wa chumba cha walimu hilo si kosa kubwa. Kwa mtafiti ni kazi aliyoachiwa aifanye mwenyewe.

Sasa tuje kwenye namba. Waandishi wanategemea kazi ya awali ya Hattie iliyokusanya chambuzi-jumuishi, yaani tafiti zinazounganisha kwa takwimu matokeo ya tafiti nyingine. Kati ya hizo, 12 zilikuwa na taarifa mahususi kuhusu mrejesho darasani, zikiwa zimejengwa juu ya tafiti 196 na athari 6,972. Wastani ukawa 0.79, karibu mara mbili ya 0.40 wanayoitaja kuwa athari ya kawaida ya mambo yanayofanyika shuleni. Msomaji akiishia hapo anatoka na imani kwamba mwalimu akitoa mrejesho, wowote ule, ufaulu unapanda.

Makala yenyewe inakanusha imani hiyo kurasa hizohizo. Katika jedwali la aina za mrejesho, vidokezo vina athari ya 1.10, mrejesho kwa njia ya kompyuta 0.52, adhabu 0.20, sifa za mwalimu 0.14, na ufundishaji wa kiprogramu uko chini ya sifuri kidogo, −0.04. Kupata wastani mmoja kutoka kwenye mchanganyiko kama huo ni sawa na kutangaza bei ya wastani ya samaki pale Feri bila kusema kama ni dagaa au changu. Waandishi wanajua kwamba tofauti ndani ya jedwali ndiyo habari yenyewe, na wanasema hivyo. Ndiyo maana nashangaa kwamba wameipa 0.79 nafasi ya mbele kiasi hicho.

Kuna kasoro nyingine tatu, zisizo na uzito sawa. Ya kwanza, makala haina sehemu ya mbinu. Hatuelezwi chambuzi zilitafutwaje, zipi ziliachwa na kwa kigezo gani. Waandishi wanaiita kazi yao uchambuzi wa kidhana, kwa hiyo si haki kuidai taratibu zote za mapitio ya kimfumo. Ila anayetoa wastani wa takwimu anapaswa kuonyesha ulivyopatikana. Ya pili, chambuzi kadhaa zinaweza kuwa zimehesabu utafiti uleule zaidi ya mara moja, na wastani wa wastani hauonyeshi hilo.

Ya tatu ndiyo nzito, na inahusu maana ya ukubwa wa athari wenyewe. Kipimo hiki ni tofauti ya wastani wa makundi mawili ikigawanywa kwa mkengeuko sanifu. Tuseme mrejesho umeongeza alama 5. Katika shule ya vipaji maalumu, ambako wanafunzi wamechujwa na alama zao zinakaribiana, mkengeuko ukiwa 10 athari ni 0.50. Katika shule ya kata, ambako anayesoma vizuri amekaa dawati moja na asiyejua kusoma sawasawa, mkengeuko ukiwa 20 athari ni 0.25. Wanafunzi wote wamepata alama zilezile 5, lakini anayelinganisha kwa ukubwa wa athari atasema mrejesho ulifanya kazi maradufu katika shule ya kwanza. Ukichanganya mamia ya tafiti zenye makundi, mitihani na vipimo tofauti, namba inayotoka inaelezea namna tafiti zilivyofanywa kwa kiasi kilekile inavyouelezea mrejesho.

Uchambuzi mmoja uliomo ndani ya makala ulistahili nafasi ya mbele kuliko ule wastani. Ni wa Kluger na DeNisi wa mwaka 1996, ambao ulidai kila utafiti uwe na kundi la ulinganisho na upime utendaji. Katika tafiti 131, wastani ulikuwa 0.38, na asilimia 32 ya athari zilikuwa hasi, yaani utendaji ulishuka baada ya mrejesho. Ni kweli kwamba nyingi hazikufanyika darasani, na waandishi wanalitaja hilo. Hata hivyo, karibu theluthi moja ya mrejesho kudhuru ni jambo ambalo kila mwalimu anayekwenda mazoezi ya kufundisha anapaswa kulisikia kabla hajanunua kalamu nyekundu. Mwaka 2020 Hattie mwenyewe, pamoja na Wisniewski na Zierer, waliurudia uchambuzi kwa kurudi kwenye tafiti za msingi 435, na wastani ukashuka hadi 0.48. Marekebisho hayo yanampa heshima, ingawa mimi bado nakutana na 0.79 zaidi ya 0.48.

Kuhusu muktadha, makala ina aya inayogusa utamaduni: wanafunzi wa Asia yenye mapokeo ya Konfusio na wa Pasifiki ya Kusini wanaelezwa kupendelea mrejesho usio wa moja kwa moja na unaolenga kundi, tofauti na Wamarekani. Kwetu mgawanyo huo hautoshi. Tangu ada ifutwe kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, mwalimu wa Temeke au Ilala mwenye mkondo wa wanafunzi 80 ni mtu wa kawaida. Akitumia dakika 2 kwa kila daftari, zinakuwa dakika 160, sawa na vipindi vinne vya dakika 40, kwa zoezi moja la mkondo mmoja. Katika hali hiyo "Rudia" si uvivu. Pia nje ya somo la Kiswahili, maoni mengi huandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili anaweza kuyanakili kwenye daftari lake kana kwamba ni sehemu ya jibu. Modeli inachukulia kwamba ujumbe umefika, kisha inauliza uko katika ngazi gani.

Makala haikuandikiwa Dar es Salaam, na siilaumu kwa hilo. Nawalaumu zaidi tunaoinukuu katika mapendekezo ya utafiti bila kuangalia gharama yake. Kwa kanuni ya haraka ya kukadiria sampuli, 16 ikigawanywa kwa mraba wa athari, anayeamini 0.79 ataona wanafunzi 26 kwa kila kundi wanatosha. Anayetumia 0.48 atahitaji takriban 70, na anayetumia 0.38 takriban 111. Hapo bado hatujahesabu kwamba wanafunzi wa darasa moja hufanana, hivyo idadi inatakiwa kupanda zaidi. Utafiti wa wanafunzi 52 wa mikondo miwili, ukikosa tofauti ya kitakwimu, utaandikwa kwamba mrejesho haufanyi kazi Tanzania, ilhali sampuli haikuwa na uwezo wa kuiona tofauti hiyo. Katika pendekezo langu nitatumia maswali matatu na ngazi nne kama fremu ya kusomea madaftari, nikiunganisha mchakato na kujisimamia kuwa ngazi moja hadi majaribio ya awali yaonyeshe kwamba waangalizi wawili wanaweza kuzitenganisha, na sampuli nitaikadiria kwa 0.38.