Storibodi: "Lita Moja", kutoka tangazo la redio la sekunde 45 kwenda video ya sekunde 30

Ujumbe: jinsi ya kuchanganya ORS, dawa ya unga yenye chumvi na sukari ya kumnywesha mtoto anayeharisha. Umbo: wima, 9:16, ya kutazamwa kwenye simu. Mahali: uani kwenye nyumba ya kupanga, Temeke, asubuhi, mwanga wa jua tu. Wahusika: mama kijana, mama mkwe wake, mtoto wa mwaka mmoja. Ieleweke hata kwa mtu aliyezima sauti ndani ya daladala, kwa hiyo kila neno la lazima litaandikwa kwenye picha.

Skripti ya redio ilivyo

(Mtoto analia kwa unyonge. Kuku uani.)
MAMA: Mama, mtoto anaharisha tangu usiku.
BIBI: Usimwache akaukiwe maji, mwanangu. ORS ipo?
MAMA: Ipo. Niweke maji kiasi gani?
BIBI: Pakiti nzima, lita moja. Usipunguze, usizidishe.
(Kijiko kinagonga jagi.)
MSIMULIZI: Mtoto akiharisha, mpe ORS kidogo kidogo, na zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kuharisha kukikoma. Endelea kumnyonyesha. Akilegea, akishindwa kunywa, au akiharisha damu, mwahishe kituo cha afya.

Fremu ya 1 (sekunde 0–3)
Karibu sana: mkono wa mtoto umelegea juu ya bega la mama. Kilio kinatoka kwenye rekodi ya redio. Tumtumie mtoto mzima aliyesinzia. Mtoto mgonjwa kweli asipigwe picha. Kuku tunawaacha, maana ua wenyewe unaonekana.

Fremu ya 2 (3–6)
Kamera usawa wa kigoda. Mama anamgeukia bibi, aliyekuwa anachambua mchele. Bibi anaweka ungo chini. Maneno: "Mama, anaharisha tangu usiku." Jibu la bibi kuhusu kukaukiwa maji limekatwa; tendo la kuacha ungo linasema hilohilo.

Fremu ya 3 (6–8)
Pakiti ya ORS mkononi mwa mama. MAMA: "Maji kiasi gani?"

Fremu ya 4 (8–17)
Hii ndiyo video yenyewe, ndiyo maana inapewa sekunde tisa. Kwenye redio "lita moja" ilipita kama neno, na kila msikilizaji alijaza chombo alichonacho. Nyumbani hakuna jagi lenye mistari. Kuna chupa za maji, na ya lita moja na nusu ndiyo inayopatikana haraka. Ukiijaza hiyo, dawa inakuwa nyepesi mno. Ukitumia bilauri moja, inakuwa kali, na chumvi ikizidi inamdhuru mtoto.

Kamera juu, inatazama meza, haisogei. Mama ananyoosha mkono kuichukua chupa kubwa. Mkono wa bibi unaizuia, unaisogeza nje ya picha, unaweka chupa mbili ndogo za nusu lita. Zote mbili zinamiminwa kwenye jagi bila kukatwa picha, ili mtazamaji ahesabu mwenyewe: moja, mbili. Kisha pakiti nzima inamwagwa mpaka itikiswe. BIBI: "Pakiti nzima, lita moja. Usipunguze, usizidishe."
Maandishi: CHUPA 2 ZA NUSU LITA = LITA 1
Kwenye kona: Maji yaliyochemshwa yakapoa. Yatumike ndani ya saa 24.
Lebo za chupa zibanduliwe. Mlio wa kijiko kwenye jagi ubaki, ndio unaotuunganisha na tangazo la redio.

Fremu ya 5 (17–21)
Mama anamnywesha kwa kijiko. Mtoto anatema kidogo. Mama anafuta, anasubiri, anaanza tena polepole. Tusikate kutema huko. Mama wengi huacha hapo wakidhani dawa imekataa.
Maandishi: KIDOGO KIDOGO. AKITAPIKA, SUBIRI DAKIKA 10, ENDELEA.

Fremu ya 6 (21–25)
Kidonge cha zinki kinayeyuka kwenye kijiko cha maji. Nyuma, kalenda ya ukutani ina alama za kalamu, na mtoto anatambaa akicheka: kuharisha kumekoma, alama zinaendelea.
Maandishi: ZINKI KILA SIKU, SIKU 10–14, HATA AKIPONA

Fremu ya 7 (25–30)
Mama ananyonyesha mlangoni, khanga imemsitiri. Bibi amesimama ameshika kadi ya kliniki. Msimulizi anabaki na sentensi moja: "Akilegea, akishindwa kunywa, au akiharisha damu, mwahishe kituo cha afya." Dalili tatu zinaandikwa moja moja anapozitaja, herufi nyeupe kwenye ukanda mweusi. Picha inasimama sekunde moja ya mwisho bila muziki.

Kabla ya kupiga picha
Muuguzi wa kliniki ya watoto apitie maandishi ya fremu ya 4 hadi ya 7. Mpiga picha aje na chupa sita za nusu lita na pakiti tatu za ORS. Fremu ya 4 hairuhusu kuunganisha vipande, tukikosea tunarudia kuanzia chupa ya kwanza.