Kovu la Shavu la Kushoto

Wenzake kumi na mmoja katika jopo la raia wanaoamua kesi waliinua mikono: ana hatia. Wa kwake ulibaki juu ya meza. Jaji aliwaruhusu wakalale, akiwaonya tena wasiizungumze kesi na yeyote.

"Mbona hulali?" mumewe alimuuliza.

"We tangulia tu."

Hakuuliza zaidi. Alimwekea kikombe cha maji mezani, akaenda chumbani.

Daftari lake lilikuwa limefungiwa mahakamani pamoja na ya wenzake, kwa hiyo alibaki na kumbukumbu tu. Mlinzi wa duka aliyepigwa nondo, ambaye sasa husikia kwa sikio moja, alilia kizimbani. Naye alilia, kimyakimya. Halafu kuna mshtakiwa, anavyosugua viganja akiulizwa swali. Marehemu kaka yake alikuwa akifanya vivyo hivyo. Hilo ndilo lililomtisha. Je, kama anamwonea huruma kaka yake?

Jaji alisema shaka ya msingi si huruma wala kubahatisha. Ni shaka ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuitolea sababu.

Basi alijilazimisha kumfuta yule kijana. Akamweka kizimbani mtu mwingine, mnene, mwenye kiburi, mtu wa kuchukiza hasa. Akairudia kesi upya.

Shahidi alikuwa dirishani, ng'ambo ya barabara, akilitazama duka. Mtu alitoka mlangoni, taa ikiwa nyuma yake, uso gizani. Akageuka kushoto kwake. Alipopita chini ya taa ya nguzo, shahidi akaliona kovu. Kovu la mshtakiwa liko shavu la kushoto.

Alikigeuza kikombe mkono wake uelekee dirishani, kama mtu anayetoka mlangoni. Akakizungusha kushoto. Akakizungusha tena, polepole.

Shavu lililomwelekea shahidi lilikuwa la kulia.

Moyo ulimwenda mbio, naye akaanza kujipinga mwenyewe. Huenda aligeuza kichwa. Huenda alitazama nyuma, kama wezi wanavyofanya. Inawezekana kabisa! Lakini shahidi hakusema hivyo, na mawakili wote wawili hawakumuuliza. Mwenye kuongeza hiyo "huenda" alikuwa yeye, ili kesi ikamilike. Na kazi ya kuikamilisha haikuwa yake. Ilikuwa ya upande wa mashtaka.

Yule mnene mwenye kiburi bado alikuwa amesimama kizimbani. Shaka haikuondoka.

Lilibaki moja: kama alisikia vizuri. Kushoto, au kulia? Saa kumi alfajiri hakuwa tena na uhakika, na neno lile moja ndilo lililobeba kila kitu.

Asubuhi, kabla mwenyekiti wao hajaita kura, aliomba karatasi. Aliandika kwa herufi kubwa, mkono ukimtetemeka: "Mheshimiwa Jaji, tunaomba tusomewe tena ushahidi wa mama wa dirishani, mahali anaposema mtu yule aligeukia upande gani."

Mzee aliyeketi kando yake aliisoma karatasi. Akavua miwani.

"Kwani ni upande gani?" akauliza.