Jaribio la Maadili ya Dini: Amri ya Mungu na Chanzo cha Wema

Muda: dakika 30. Alama: 20. Jibu maswali yote. Imani yako haisahihishwi hapa, hoja yako ndiyo inayosahihishwa.

1. Kwa mtetezi wa nadharia ya amri ya Mungu, kusema uongo ni kosa kwa sababu (alama 2):
A. kunaumiza watu
B. kumekatazwa na Mungu
C. dhamiri inamsuta msemaji
D. jamii nyingi zinakulaani

2. Katika maandishi ya Plato, Euthifro anamshtaki baba yake mzazi kwa mauaji. Kibarua mmoja alimuua mtumwa. Baba akamfunga kibarua huyo kamba, akamtupa mtaroni, akatuma mtu kuomba ushauri, na kabla jibu halijarudi kibarua akafa kwa njaa na baridi. Euthifro hana wasiwasi: hilo ndilo wapendalo miungu. Sokrates anamuuliza: jambo takatifu hupendwa na miungu kwa kuwa ni takatifu, au ni takatifu kwa kuwa hupendwa?
Liandike swali hilo upya kwa anayeamini Mungu mmoja. Sentensi zisizidi mbili. (alama 3)

3. Wanatheolojia wa Kiislamu wa kundi la Muutazila walisema akili inaweza kutambua uzuri na ubaya wa matendo hata kabla ya wahyi. Wapinzani wao, Ashaira, walishikilia kwamba tendo huwa jema kwa kuwa Mungu ameliamuru. Kila kundi limeshika upande upi wa mtanziko wa swali la 2, na linalipa gharama gani? (alama 5)

4. Mwanafalsafa Robert Adams aliirekebisha nadharia ya amri ya Mungu: kosa ni kwenda kinyume na amri za Mungu mwenye upendo, kwa hiyo hatuna haja ya kuogopa amri ya ukatili. Je, hapo mtanziko umekwisha, au umehamia kwenye neno "upendo"? Tumia kisa cha Ibrahimu kuamriwa kumtoa mwanawe sadaka. (alama 10)

Kwa msahihishaji

La 1 ni B. La 2 likubalike kwa maneno yoyote, mradi pande zote mbili zionekane. Aliyeandika upande mmoja tu apate alama 1.

La 3: kwa Muutazila, kipimo cha wema kinaonekana kusimama nje ya Mungu, naye anakifuata. Kwa Ashaira, wema unategemea utashi wa Mungu. Angeamuru wizi, wizi ungekuwa wema, na kumsifu Mungu kuwa mwema kunabaki kusema tu kwamba anatenda apendavyo.

La 4 ndilo linalotenganisha wanafunzi. Wengi watasimulia kisa cha Ibrahimu tangu safari hadi kondoo, ukurasa uishe. Masimulizi matupu yasizidi alama 2. Tunachotafuta ni swali gumu zaidi: Ibrahimu alipokuwa njiani, kabla ya kuzuiwa, amri ile ilikuwa ya upendo? Akijibu ndiyo, aeleze upendo unapimwa kwa nini. Akijibu hapana, aeleze kwa nini Ibrahimu alipaswa kutii. Anayesema Mungu mwenyewe ndiye kipimo cha upendo amejibu vizuri, ila aonyeshe kwamba swali la Sokrates linaweza kuulizwa tena juu ya kipimo hicho. Msimamo wowote unaweza kupata alama 10.