Mdomo Unatazama Wapi?

Kwetu Muyuni, kusini Unguja, ardhi ni maweni. Ukitaka kupanda mihogo, kwanza unaokota mawe, na mawe yakishaokotwa lazima yaende mahali. Basi wazee waliyapanga kuzunguka mashamba, jiwe juu ya jiwe, bila saruji wala udongo, kikawa kizuizi cha nguruwe. Ukuta huo ndio bigili. Kutoka nyumbani kwa babu mpaka shamba la bi Mwanakhamis, kwa njia ya mkato, unavuka bigili saba. Naijua idadi kwa sababu kila moja babu alinisimamisha.

"Haji."

"Naam, babu."

"Mdomo unatazama wapi?"

Hakuwa akisema "angalia bunduki". Alitaka jibu, na jibu lenye jina. Nikisema "mbele" halitoshi. Nikisema "kwenye kichaka" ataniuliza nyuma ya kichaka kuna nini. Hapo ndipo ninapofungua bunduki, nichomoe risasi zote mbili, nimuoneshe zimo mkononi, nichungulie mitutu kwa upande wa kitako mpaka nione mwanga wa mbingu, kisha niilaze ng'ambo ya ukuta, mdomo mbali naye, mbali nami, mbali na mbwa. Tena nisivukie palepale ilipolala. Nisogee hatua tatu nne kando, nipande, nishuke, ndipo niifuate kwa upande wa kitako. Kuivuta bunduki kwa mdomo, alisema, ni kumvuta nyoka kwa kichwa.

Bunduki yenyewe ni ya marisau, ya mitutu miwili, kitako kimeshonewa ngozi ya mbuzi mahali kilipopasuka. Kibali ni cha babu. Mimi nilikuwa na miaka 19 na mwanafunzi tu wa usasi, japo moyoni nilishajiona sheha wa wasasi wote wa Kusini.

Asubuhi ile bi Mwanakhamis alikuja kabla jua halijatoka, kanga kajifunga kiunoni. Nguruwe wameingia tena. Matuta mawili ya mihogo yamefukuliwa, na wala hawakula vizuri, wametafuna na kutema. Babu akaswali, akanywa chai ya mkandaa, akamfungua Taabu, mbwa wetu mwenye sikio moja, tukatoka.

Kwenye bigili ya tatu Taabu alianza kulia. Si kubweka, kulia, ile sauti anayotoa akishanusa kitu kibichi. Nikasikia vijiti vinavunjika upande wa pili, kishindo kizito, karibu kabisa. Nikaruka kushika jiwe la juu, bunduki begani.

"Haji."

"Babu, yuko hapo!"

"Mdomo unatazama wapi?"

"Kwenye mkwamba!"

"Na nyuma ya mkwamba?"

Nilitaka kusema hakuna kitu. Nikanyanyua shingo nitazame tu ili aniachie. Nyuma ya mkwamba, kama hatua arubaini hivi, kuna njia ya pwani, na kina mama wanne walikuwa wanashuka kwenye mwani, viroba kichwani, wakizungumza habari za arusi ya mtu. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Hawakutuona.

Nikafungua bunduki, nikachomoa risasi. Tulipofika ng'ambo nguruwe hayupo, na Taabu amekaa chini anatutazama kama watu waliomkosea adabu.

Sitasema uongo, nilikasirika. Kina mama walikuwa wanapita, haya, lakini mimi si ningepiga chini? Nilibishana na babu kimoyomoyo bigili ya nne nzima na ya tano. Nilipopanda ya sita jiwe likageuka chini ya mguu wangu, nikashuka na ukuta, mawe kama kumi yakanifuata. Nilichunika kuanzia goti mpaka kifundo. Bunduki ilikuwa imelala pembeni, tupu, ikitazama mbuyu. Babu hakusema neno. Alianza kupanga mawe upya moja moja, maana bigili ya mtu ukiibomoa unaijenga, na mimi nikamsaidia huku damu inaingia kwenye kandambili.

Nguruwe tulimkuta kwenye shamba la bi Mwanakhamis mwenyewe, mchana mchana, kichwa ndani ya tuta, mkia unacheza. Babu aliichukua bunduki. Macho yake ya mbali bado mazima, ni ya karibu ndiyo yamekwenda. Akapiga mtutu mmoja. Vumbi likaruka mbele ya pua ya mnyama, naye akapotea kwenye mdaa kabla mwangwi haujarudi. Babu akafungua, ganda likaanguka, akainama kuliokota. Wakati huohuo Taabu akapiga ukelele kule kichakani, babu akafunga bunduki, tukakimbia. Kumbe mbwa kachomwa na mwiba tu. Tulimtoa mwiba, tukakaa kivulini, tukanywa maji. Babu alikuwa anahema. Nilimwona anajishika kiuno akisimama, akajifanya anakung'uta kanzu.

"Twende zetu," akasema. "Bi Mwanakhamis tutamwambia kesho."

Tulirudi kwa njia ya juu, kumwepusha na bigili nyingi. Njia hiyo siku hizi imekatwa na senyenge, mistari minne, kiwanja ambacho mwenyewe hatumjui. Nikatangulia. Nikalala kifudifudi, nikapita chini ya mstari wa mwisho, nikasimama upande wa pili nikimnyooshea mkono. Babu, kachoka, kashika waya kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia ananipa bunduki kupitia kati ya mistari.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni matundu mawili meusi, duara kabisa. Moja lilikuwa na moshi umeganda ukingoni, jingine safi. Yalikuwa usawa wa kitovu changu. Mwiba wa senyenge ulikuwa umeshika mkanda wa bunduki na babu alikuwa anausukuma.

Ulimi ulikuwa mzito. Mtu hamuulizi babu yake hivyo.

"Babu," nikasema. "Mdomo unatazama wapi?"

Akaacha kusukuma. Alinitazama usoni, kisha akafuata mtutu kwa macho, taratibu, kutoka mkononi mwake mpaka tumboni mwangu. Akairudisha nyuma, mdomo akauelekeza kwenye maweni kando, akaufungua mkanda kwenye mwiba. Akaifungua bunduki. Akapapasa kwa kidole, maana kwa macho hakuamini. Upande wa kushoto risasi ilikuwa imo, nzima, shaba yake inang'aa.

Akaichomoa. Akakaa juu ya jiwe na bunduki wazi mapajani, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema kitu isipokuwa Taabu, aliyekuwa analamba mguu wake.

"Nilihesabu nimetoa mbili," babu akasema.

"Ndiyo, babu."

"Nilihesabu mbili, Haji."

Akanipa ile risasi kupitia senyenge. Ilikuwa na joto la mkono wake. Nikaitia mfukoni. Kisha akaingiza bunduki chini ya waya wa mwisho, kitako kwanza, naye akapita mbali nayo, hatua sita badala ya tatu. Kanzu ikanasa, nikamnasua.

Nyumbani kulikuwa na bigili moja tu iliyobaki. Babu aliifikia kabla yangu. Akaifungua bunduki, akasimama nayo mikononi, hakuilaza wala hakupanda. Nikadhani amechoka, nikataka kumpokea.

Kumbe ananingoja nimuulize.